Virusi 18,600 huku unameza TLD: je, ni usugu?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Nilianza dawa 2016 kwa kidonge chenye efavirenzi, 2020 nikahamishiwa TLD. Majibu yangu yalikuwa safi miaka yote, ila mwezi uliopita nimeambiwa nina virusi 18,600. Hawakunibadilishia dawa, wamesema nipate ushauri halafu nipime tena baada ya miezi mitatu. Dada yangu alikuwa bado kwenye dawa za zamani. Alipopata majibu kama yangu alihamishiwa TLD palepale. Mimi sijaruka dawa hata siku moja. Kitu kipya ni vidonge vya kuongeza damu tu, nameza pamoja na dawa zangu kabla ya kula asubuhi. Je, virusi vyangu vimeshakuwa sugu na mimi naachwa hivihivi?"*

Marahaba. Nianze na jibu lenyewe: kwa maelezo haya, uwezekano kwamba virusi vyako vimekuwa sugu kwa dolutegraviri, dawa kuu ndani ya TLD yako pamoja na tenofoviri na lamivudini, ni mdogo, na waliokuambia usubiri miezi mitatu hawajakutelekeza. Nina shaka kubwa zaidi na vile vidonge vya kuongeza damu. Nitavirudia, lakini kwanza nieleze kwa nini namba ileile ikitoka kwenye damu yako na ikitoka kwenye damu ya dada yako haina maana moja.

Mtu asiyetumia dawa huzalisha virusi vipya kama bilioni kumi kila siku. Kimeng'enya ambacho VVU hutumia kunakili vinasaba vyake hakina uwezo wa kurudi nyuma kusahihisha makosa, kwa hiyo nakala nyingi hutoka na kosa moja hapa au pale. Makosa mengi humdhuru kirusi mwenyewe, na mengine hayana athari. Lakini kwa wingi huo, karibu kila kosa moja linalowezekana hutokea kila siku ndani ya mwili, likiwemo lile linalomfanya kirusi asiguswe na dawa fulani. Usugu, kwa maana hiyo, hauanzi na dawa. Dawa huzuia virusi vya kawaida visizaliane na kuwaachia uwanja wale wachache waliokuwa na kosa linalowafaa.

Ndiyo maana tunatoa dawa tatu kwa pamoja. Kirusi mwenye kosa moja ni wa kawaida sana, lakini mwenye makosa yote yanayohitajika kuzishinda dawa tatu kwa wakati mmoja hatarajiwi kuwepo. Dawa zote tatu zikiwa kwenye damu kwa kiwango cha kutosha, virusi havizaliani, na kirusi asiyezaliana hapati nafasi ya kukosea. Mtu mwenye majibu safi kwa miaka, kama ulivyokuwa wewe, hatengenezi usugu mpya. Hatari ipo katika hali ya katikati: dawa ipo ya kutosha kuchuja virusi lakini haitoshi kuvizuia kuzaliana.

Sasa kidonge cha zamani. Efavirenzi, na ndugu yake nevirapini, zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: kosa moja tu lilitosha kuzishinda zote mbili. Maarufu kuliko yote linaandikwa K103N kwenye karatasi ya majibu. Herufi ya kwanza ni asidi amino iliyopaswa kuwepo, namba ni mahali ilipo kwenye mnyororo wa kimeng'enya, na herufi ya mwisho ni ile iliyochukua nafasi yake. Badiliko moja mahali pa 103, na kidonge kinabaki na dawa mbili zinazofanya kazi badala ya tatu. Baada ya hapo huja M184V, linaloishinda lamivudini, na kwa wengine K65R, linaloidhoofisha tenofoviri.

Juu ya hayo, efavirenzi hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akiishiwa vidonge kwa siku kadhaa, dawa zilizomezwa pamoja haziondoki pamoja. Efavirenzi inaendelea kuzunguka kwenye damu ikikosa msaada uliokusudiwa, na hiyo ndiyo ile hali ya katikati niliyoitaja. Na kwa kuwa K103N halimpunguzii kirusi nguvu za maana, kirusi huyo huendelea kuishi hata dawa zikiachwa, na mtu anaweza kumwambukiza mwingine virusi vilivyo sugu tangu siku ya kwanza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2017 ilionyesha kwamba katika nchi 6 kati ya 11 zilizofanyiwa uchunguzi, zaidi ya asilimia 10 ya watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza matibabu walikuwa na virusi sugu kwa kundi hilo la dawa. Hapo kidonge kinakuwa kimeanza kushindwa kabla hakijamezwa.

Kwa hiyo mtu aliye kwenye efavirenzi akikutwa na virusi zaidi ya 1,000 kwa mililita, dau langu ni kwamba usugu umeshaingia. Kumweka miezi mitatu zaidi kwenye kidonge hicho ni kuvipa virusi muda wa kuongeza makosa mengine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaruhusu mtu wa namna hiyo abadilishiwe dawa baada ya kipimo kimoja tu. Dada yako alitendewa sawasawa.

Dolutegraviri inafanya kazi mahali pengine kabisa. VVU akishaingia ndani ya seli na kunakili vinasaba vyake, lazima avichomeke kwenye vinasaba vya seli yenyewe. Kimeng'enya kinachofanya uchomekaji huo kinaitwa integrasi, na dolutegraviri hukibana kisifanye kazi. Raltegraviri, dawa ya kundi hilohilo iliyotangulia, nayo hukibana, lakini majaribio ya maabara yalionyesha kwamba huachia haraka: nusu yake huwa imebanduka baada ya saa 9 hivi. Dolutegraviri huchukua kama saa 71. Kirusi anayetaka kuiponyoka analazimika kubadilisha umbo la integrasi, na hapo ndipo anapobanwa. Badiliko kama R263K humpunguzia usikivu wa dawa kidogo tu, na papo hapo humdhoofisha katika kazi yake mwenyewe ya kuzaliana. Njia za kuponyoka kweli zipo, lakini nyingi zinahitaji zaidi ya badiliko moja, na kirusi hulipa gharama kila hatua.

Jambo lililotushangaza wengi ni utafiti wa NADIA, uliofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa watu 464 ambao dawa za kundi la efavirenzi zilikuwa zimewashinda. Wengi wao walikuwa na M184V, na karibu nusu walikuwa na badiliko mahali pa 65 linaloigusa tenofoviri. Kwa hesabu ya kitabuni, mtu wa aina hiyo akipewa TLD anabaki na dawa moja tu inayofanya kazi, na sisi tulifundishwa kwamba dawa moja haitoshi. Lakini baada ya wiki 48, asilimia 90 ya waliopewa dolutegraviri walikuwa na virusi chini ya 400, sawa na waliopewa darunaviri, dawa ambayo kirusi hupata taabu sana kuizoea. Na kufikia wiki ya 96, waliobaki na tenofoviri walikuwa na matokeo mazuri kuliko waliobadilishiwa zidovudini. Sehemu ya maelezo ni kwamba M184V humdhoofisha kirusi na kumfanya awe msikivu zaidi kwa tenofoviri, kwa hiyo dawa tuliyoihesabu kuwa imekufa bado ilikuwa inasaidia.

Utafiti huohuo ulionyesha pia upande wa pili. Hadi wiki ya 96, watu 9 katika kundi la dolutegraviri walikuwa wamepata usugu kwa dawa hiyo, wakati katika kundi la darunaviri hakuna hata mmoja aliyepata usugu kwa darunaviri. Kwa hiyo anayekuambia dolutegraviri haiwezi kuzaa usugu anakudanganya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilikuta usugu huo kwa asilimia 3.9 hadi 8.6 ya watu waliokuwa na virusi juu huku wakitumia dolutegraviri, na katika kundi la waliohamishiwa dawa hiyo virusi vyao vikiwa tayari vingi ukafika asilimia 19.6. Soma namba hizo vizuri: si asilimia ya wote wanaotumia TLD, ni ya wale ambao virusi vyao vilikuwa juu. Maana yake, hata katika kundi lenye tatizo, wengi hawana usugu. Shida yao ni kwamba dawa haifiki kwenye damu kwa kiwango kinachotakiwa.

Wakati mwingine wanawake huniuliza kwa nini walicheleweshwa kuhamishwa wakati dawa ilishakuwepo. Mwezi Mei 2018 utafiti wa Tsepamo nchini Botswana ulitoa tahadhari: kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa kwenye dolutegraviri, 4 walizaliwa na kasoro za mrija wa neva unaounda ubongo na uti wa mgongo. Kadiri watoto wengi zaidi walivyohesabiwa, tofauti ilipungua, hatimaye ikatoweka. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe dawa ya mstari wa kwanza kwa watu wazima wote, wakiwemo wanawake wanaotarajia kupata mimba.

Turudi kwako. Unasema hujaruka siku hata moja, na mimi sina sababu ya kubisha. Lakini kumeza dawa na dawa kuingia kwenye damu ni mambo mawili. Dolutegraviri hushikana na madini yenye chaji kama chuma, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu na zinki. Ikikutana nayo tumboni, hushikamana nayo, na kilichoshikamana hakipiti kwenye ukuta wa utumbo. Kinatoka na choo. Kipimo kilichofanywa kwa watu wenye afya kilionyesha kwamba ukimeza dolutegraviri pamoja na vidonge vya chuma tumbo likiwa tupu, dawa inayoingia kwenye damu hupungua kwa zaidi ya nusu. Wewe umefanya hivyohivyo: pamoja, kabla ya kula, kila asubuhi. Na kadiri ulivyozidi kuwa mwaminifu kwa ratiba yako ndivyo ulivyozidi kujipunja.

Sitasema nina hakika. Dolutegraviri ina akiba kubwa, na wengine wakifanya kosa hili virusi havipandi. Lakini ukiwa na historia ya majibu safi miaka yote, halafu kitu kimoja tu kibadilike na virusi vipande, hapo ndipo pa kuanzia.

Marekebisho ni mepesi. Meza TLD angalau saa 2 kabla ya kidonge cha chuma au saa 6 baada yake. Kama ratiba hiyo inakusumbua, unaweza kuvimeza kwa pamoja ukiwa unakula mlo kamili, kwa sababu chakula huondoa karibu athari yote ya chuma na kalsiamu. Ruhusa hiyo ya chakula haihusu dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magnesiamu. Hizo huiangusha dolutegraviri kwa karibu robo tatu, na lazima zitenganishwe kwa saa zilezile, umekula au hujala. Usiache vidonge vya damu kwa uamuzi wako. Uliandikiwa kwa sababu.

Mweleze pia mhudumu wako kila dawa nyingine unayotumia, hata ile uliyoinunua mwenyewe. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anahitaji miligramu 50 za dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja, maana rifampisini huharakisha ini kuivunja. Karbamazepini na fenitoini za kifafa hufanya jambo la aina hiyo. Nimeshakutana na kifaili kilichojaa vikao vya ushauri wa ufuasi ambapo hakuna aliyeuliza swali hili moja: unameza nini kingine, na saa ngapi?

Na kama vidonge vya damu umepewa kwa sababu una mimba, au unanyonyesha, mpangilio wa kusubiri haukuhusu. Rudi kliniki kesho. Virusi vikiwa juu namna hiyo mtoto yuko hatarini, na wewe unapaswa kupimwa tena mapema na mtoto kupangiwa kinga yake.

Sasa ile miezi mitatu ni ya nini? Kushindwa kwa matibabu kunatambuliwa kwa kipimo cha wingi wa virusi, kwa mtu aliyekwisha kutumia dawa angalau miezi 6. Utaratibu wa kawaida unataka vipimo viwili vinavyofuatana, vyote zaidi ya 1,000 kwa mililita, vikipishana miezi mitatu na katikati yake msaada wa ufuasi wa dawa. Zamani tulitegemea idadi ya CD4, yaani seli za kinga, na magonjwa nyemelezi. Tatizo ni kwamba virusi hupanda kwanza, CD4 hushuka baadaye, na ugonjwa huja mwisho kabisa. Aliyesubiri dalili alikuwa ameshavipa virusi miezi au hata miaka ya kujizoesha na dawa. Ndiyo maana usijipime kwa jinsi unavyojisikia. Kwa 18,600 mtu anaweza kujisikia mzima kabisa.

Kwa dolutegraviri, miezi mitatu inatosha na kubaki. Katika utafiti wa mwanzo, watu walipewa miligramu 50 za dawa hiyo peke yake kwa siku 10, na virusi vyao vikashuka kwa zaidi ya mara 200. Kwa hiyo kama kikwazo kilikuwa chuma na sasa umekitenganisha, virusi vyako vitaporomoka ndani ya wiki chache, na kipimo kitalionyesha hilo bila utata. Kikisoma chini ya 50, mambo yamekwisha: unaendelea na TLD ileile. Kikisoma 600, kwa mfano, umeshuka mara 31. Dawa inafanya kazi, ila bado kuna kitu kinavuja, na utafuatiliwa na kupimwa tena. Lakini kikisoma 15,000, tofauti na 18,600 ni ndogo mno kuhesabiwa. Kwenye kipimo hiki, chini ya mabadiliko ya kama mara tatu sisi husema namba haijasogea.

Hapo ndipo pa kuomba kipimo cha usugu. Maabara husoma vinasaba vya virusi vilivyo kwenye damu yako na kutafuta mabadiliko yanayojulikana. Kipimo hicho kina masharti yake. Kwa kawaida kinahitaji virusi wawe wengi, 1,000 kwenda juu, na damu ichukuliwe ukiwa bado unameza dawa. Ukiacha wiki kadhaa, virusi vya kawaida, ambavyo vina nguvu zaidi, huvizidi idadi vile sugu na majibu hutoka safi huku usugu umejificha kwenye seli. Njia iliyozoeleka haioni vizuri virusi sugu vilivyo chini ya asilimia 20 hivi ya wote. Na hakikisha ombi linataja sehemu ya integrasi, kwa sababu kuna vipimo vinavyosoma sehemu nyingine tu. Hivyo vitakuambia habari za lamivudini na tenofoviri na kunyamaza kabisa kuhusu dolutegraviri.

Karatasi ikirudi na mabadiliko kama G118R, au Q148 likiwa na wenziwe, huo ni usugu wa kweli na utahamishiwa mpango mwingine, kwa kawaida wenye darunaviri. Ikirudi haina badiliko lolote la integrasi, jibu hilo linarudisha swali palepale: dawa haifiki. Kukubadilishia dawa hapo kungekuondolea kidonge kimoja chepesi kwa siku na kukupa mpango mzito zaidi, bila kugusa kilichosababisha.

Katika miezi hii usiache TLD wala kumeza viwili kwa siku bila kuagizwa. Tumia kondomu hata kama mwenzi wako alizoea kusikia kwamba huwezi kumwambukiza. Kauli hiyo ilikuwa kweli ulipokuwa na majibu safi, kwa sasa haipo. Ukipata homa isiyoisha, kikohozi, kupungua uzito au maumivu makali ya kichwa, usisubiri tarehe.

Dada yako naye mwambie jambo moja. Wewe ulihamia TLD ukiwa na majibu safi. Yeye alihamia virusi vikiwa juu, na pengine lamivudini ikiwa imeshashindwa. TLD ina nafasi kubwa ya kumfanyia kazi, lakini yumo katika lile kundi ambalo usugu ulionekana zaidi. Kama miezi sita imepita tangu abadilishiwe na hajapimwa wingi wa virusi, aulizie kipimo hicho katika ziara yake inayofuata.